Barua ya huduma iliyoishia kwenye faili la waombaji kazi

Barua yangu ya kwanza kwa bosi wangu wa zamani ilikuwa ya ukurasa mmoja, imechapwa steshenari, imetiwa sahihi kwa kalamu ya bluu. Nilikuwa nimefanya kazi miaka tisa kama fundi wa viyoyozi kwenye hoteli moja ya ufukweni hapa Dar es Salaam. Hoteli ilipopunguza wafanyakazi, nafasi yangu ikafutwa. Miezi miwili baadaye wahudumu wa vyumba wakaanza kuniambia kuwa viyoyozi vinamwaga maji ukutani na wageni wanahamishwa usiku. Nikaandika kwamba niko tayari kurudi kama fundi wa kujitegemea.

Zikapita wiki tatu kimya. Nilipopiga simu, katibu muhtasi akaniambia kwa upole kuwa barua imefika, imewekwa kwenye faili la waombaji kazi, na nafasi ikitokea nitaitwa.

Hakukosea. Nilipoisoma tena nakala niliyobaki nayo, niliona ameipeleka mahali pake. Ilianza hivi: “Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mfanyakazi wako wa zamani, naomba unipe nafasi ya kufanya kazi ya viyoyozi kama fundi wa kujitegemea. Niko tayari kuja kila siku na kufanya kazi yoyote nitakayopangiwa.” Ukiondoa yale maneno “wa kujitegemea”, hakuna chochote humo kinachomwonyesha msomaji kuwa hii si barua ya kuomba ajira. Naomba, nafasi, kila siku, nitakayopangiwa: yote ni maneno ya mtu anayetafuta mwajiri. Wengi wetu barua rasmi tuliyofundishwa shuleni ni ya kuomba kazi, kwa hiyo mkono ukishika kalamu kumwandikia mkubwa, unaelekea huko wenyewe.

Lakini tatizo halikuwa la lugha tu. Nilikuwa sijajua ninauza nini. Nilidhani ninauza muda wangu na uaminifu wangu wa miaka tisa, kama zamani, ila bila mkataba wa ajira. Meneja mwenye akili hawezi kununua kitu hicho hata kama anakupenda, na sababu yake iko kwenye sheria.

Tanzania Bara tuna Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004. Kifungu chake cha 61 kinaeleza lini mtu anayemfanyia mwingine kazi atahesabiwa kuwa mwajiriwa, hata kama mkataba wao unamwita kwa jina jingine. Kinataja dalili saba. Je, namna anavyofanya kazi inaongozwa na anayemlipa? Je, saa zake za kazi zinapangwa na huyo huyo? Je, amekuwa sehemu ya taasisi hiyo? Je, amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Je, anamtegemea kiuchumi? Je, anapewa vifaa vya kazi? Je, anamhudumia huyo mmoja tu?

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba dalili hizi hazihitaji kutimia zote. Ikiwepo moja tu, sheria inachukulia kuwa huyo ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mzigo wa kuthibitisha unamwangukia anayekana. Sasa rudi kwenye barua yangu: nitakuja kila siku, nitafanya nitakachopangiwa, na chini kabisa nilikuwa nimeongeza kwamba naomba kutumia vifaa vya stoo kwa kuwa navifahamu. Nilimpa meneja dalili nne au tano kwa maandishi, na sahihi yangu chini. Kama angekubali, halafu siku moja tukagombana, barua hiyo hiyo ningeweza kuibeba hadi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kama ushahidi kuwa hakuwahi kuacha kuniajiri. Na kama nisingeibeba, hoteli ingekuwa imepata mfanyakazi wa kila siku bila michango ya NSSF wala likizo, nami ningekuwa nimejipunja mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kuandika barua ya pili nilikaa na karatasi nikajiuliza: hoteli inahitaji nini kutoka kwangu kinachoweza kuhesabiwa, kuanza na kuisha?

Hapa uzoefu wa ndani ndio mtaji wote. Mtu wa nje angeandika “matengenezo ya viyoyozi”. Mimi nilijua hoteli ina viyoyozi 46 vya ukutani: 38 vya vyumba vya wageni, na vingine 8 vya ofisi na mgahawa. Nilijua pia kuwa malalamiko mengi ya wageni hayatokani na mashine kufa. Yanatokana na uchafu. Vumbi na unyevu wa pwani hujenga utando kama kamasi kwenye trei na bomba la kutolea maji, bomba linaziba, maji yanarudi na kutiririka ukutani. Koili ya ndani ikishikwa na vumbi, hewa haipiti vizuri, chumba hakipoi, mgeni anashusha rimoti hadi 16 na mashine inafanya kazi usiku kucha bila kupumzika. Upande wa nje, chumvi ya bahari inakula mapezi ya aluminiamu ya kondensa. Yasipooshwa kwa maji yasiyo ya chumvi mara kwa mara, yanageuka unga mweupe unaomomonyoka ukiugusa, na hapo hakuna sabuni itakayoyaokoa.

Huduma kamili ya mashine moja ni kufungua kava, kuosha filta, kuosha koili ya ndani kwa pampu huku umeivisha mfuko wa kukinga maji, kuzibua bomba la maji na kulijaribu kwa kumimina lita moja, kuosha kondensa ya nje, kukaza nyaya, kupima kapasita na kupima umeme unaovutwa na kompresa. Mwisho unapima joto la hewa inayoingia kwenye mashine na ile inayotoka. Mashine yenye afya, ikishafanya kazi robo saa, hushusha hewa kwa takriban nyuzi 8 hadi 12. Ikishusha nyuzi 4 au 5 baada ya kuoshwa, kuna jambo jingine, na mara nyingi ni gesi iliyovuja au kompresa iliyochoka.

Kipimo hicho ndicho kilichonipa barua. Muda wangu meneja hana namna ya kuukagua bila kunisimamia, lakini tofauti ya nyuzi 8 anaweza kuikagua kwa kipimajoto chochote, mimi nikiwa nyumbani kwangu Mbagala. Ukiwa na matokeo yanayopimika, dalili ya kwanza ya kifungu cha 61 inadhoofika yenyewe, kwa sababu anayelipa anakagua kilichotoka wala haongozi mikono yako.

Halafu nikahesabu muda. Chumba cha hoteli kiko wazi kuanzia wageni wanapotoka saa nne asubuhi hadi wengine wanapoingia saa nane mchana. Mimi na msaidizi mmoja tunamaliza mashine nne katika nafasi hiyo bila kulipua kazi. Mashine 46 kwa nne kwa siku ni siku 12, na kwa mazingira ya ufukweni kila mashine inahitaji huduma hiyo mara moja kila miezi mitatu. Hiyo ni siku nne kwa mwezi. Hata ukiweka saa tano kwa siku pamoja na kufunga vyombo, ni saa 20 kwa mwezi. Ukiongeza miito ya dharura michache, bado tuko mbali na zile saa 45. Zamani nilikuwa nashinda pale siku 26 kwa mwezi. Kilichonishangaza ni kuona kuwa sehemu kubwa ya siku hizo nilikuwa nabadilisha taa, nafungua sinki na kungoja.

Bei ndipo barua nyingi za aina hii zinapovunjika, kwa sababu mwandishi anachukua mshahara wake wa zamani na kuugawa kwa siku. Mshahara wangu ulikuwa 900,000 kwa mwezi. Ukigawa kwa siku 26 unapata kama 34,600 kwa siku. Ningeomba 40,000 kwa siku ningejiona nimepanda daraja, kumbe ningekuwa nimeshuka. Juu ya ile 34,600 hoteli ilikuwa inaweka asilimia 10 ya NSSF, inanilipa nikiwa likizo ya siku 28, inanilipa nikiumwa, inanunua sabuni na vifaa, na inamlipa msaidizi. Sasa vyote hivyo ni vyangu.

Nikapanga bei kwa mashine: 35,000 kwa huduma kamili. Mashine 46 ni 1,610,000 kwa miezi mitatu. Nikatoa msaidizi 25,000 kwa siku 12, yaani 300,000. Nikatoa sabuni, vitambaa na bajaji ya kubebea pampu, 180,000. Nikatenga 90,000 za kuchakaa kwa vifaa, maana geji na pampu ya vakyumu havidumu milele. Zikabaki 1,040,000. Kwa siku 12 ni kama 86,700 kwa siku, na macho yakanitoka. Kisha nikalinganisha na mshahara wa miezi mitatu, 2,700,000. Hoteli peke yake ingenipa chini ya asilimia 40 ya nilichozoea kuingiza.

Nadhani hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya niwe mtoa huduma kweli. Kama nataka kurudisha kipato changu nahitaji wateja wengine wawili wa ukubwa ule, na nina siku za kuwahudumia kwa sababu hoteli inachukua nne tu kwa mwezi. Nikiwapata, dalili ya tano na ya saba za kifungu cha 61, kumtegemea mmoja na kumhudumia mmoja, zinapungua nguvu. Kabla ya kutuma barua ya pili nilikuwa tayari nahudumia viyoyozi vya zahanati moja na vya shule moja ya jirani, vichache tu, na niliandika hivyo ndani ya barua.

Nilishughulikia pia karatasi. Mhasibu wa kampuni hamlipi mtu wa huduma kama anavyomlipa kibarua. Atauliza namba ya mlipakodi, yaani TIN, atauliza risiti ya mashine ya EFD, na atataka akaunti ya benki ambayo jina lake linafanana na jina lililo kwenye ankara. Nikasajili jina la biashara kwa wakala wa usajili, BRELA, nikashughulikia mambo ya TRA na leseni ya biashara. Ni mambo ya kuchosha, ila ukiyaacha mpaka baada ya barua, utajibiwa vizuri halafu oda ikwame mezani kwa mhasibu mwezi mzima.

Kuna karatasi moja ambayo haikupaswa kuwa karibu na barua hii. Mtu aliyepunguzwa kazi anaweza kuwa bado anadai kiinua mgongo, ambacho kwa sheria ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Ninawajua mafundi waliochanganya madai hayo na ofa ya huduma kwenye barua moja. Msomaji hajui tena kama anaandikiwa na mtoa huduma au na mdai, na barua inapelekwa kwa mwanasheria. Madai yana barua yake na muda wake. Anayelalamikia kuachishwa isivyo halali ana siku 30 tu za kufika Tume, kwa hiyo asiyasubirishe kwa matumaini ya kupata kandarasi.

Barua ya pili ilikuwa hivi. Nimeondoa majina na anwani.

“Meneja Mkuu,
Kupitia kwa: Mhandisi Mkuu.

YAH: HUDUMA YA VIYOYOZI 46 KILA BAADA YA MIEZI MITATU

Nilikuwa fundi wa viyoyozi wa hoteli hii kwa miaka tisa, na sasa naendesha biashara yangu ya huduma za viyoyozi. Kwa sasa nahudumia zahanati moja na shule moja. Napendekeza kuihudumia hoteli kwa utaratibu ufuatao.

Kila kiyoyozi kitapata huduma kamili mara moja kila miezi mitatu: kuosha filta, koili ya ndani na kondensa ya nje, kuzibua na kujaribu bomba la maji, kupima kapasita na umeme wa kompresa. Baada ya huduma, kila mashine itashusha joto la hewa kwa nyuzi 8 au zaidi na haitadondosha maji. Vipimo vitaandikwa kwenye fomu moja kwa kila mashine, na nakala itabaki kwa Mhandisi Mkuu. Mashine isiyofikia kipimo hicho haitatozwa mpaka tutakapokubaliana kwa maandishi kuhusu tatizo lake na gharama ya kulitatua.

Kazi itafanyika siku nne kwa mwezi, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Tarehe nitazipendekeza mimi kila mwezi, na mapokezi watathibitisha vyumba vilivyo wazi. Nitakuja na msaidizi wangu na vifaa vyangu. Hoteli itatoa maji na umeme.

Bei ni shilingi 35,000 kwa kila mashine iliyokamilika. Ankara itatolewa mwisho wa kila mwezi kwa mashine zilizofanyiwa kazi mwezi huo tu, ilipwe ndani ya siku 30. Sijasajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, hivyo haitaongezwa.

Gesi na vipuri havimo kwenye bei hii. Gesi haitaongezwa mpaka sehemu inayovuja ipatikane na kuzibwa. Itapimwa kwa kilo mbele ya mtu wa hoteli na kuandikwa mstari wake kwenye ankara. Kutandika nyaya mpya za umeme hakumo katika huduma hii.

Nikiitwa kwa dharura kabla ya saa kumi na mbili jioni nitafika siku hiyo hiyo, kwa ada ya shilingi 30,000. Hakuna ada ikiwa mashine hiyo niliihudumia ndani ya siku 30 zilizopita na tatizo ni lile nililolifanyia kazi.

Napendekeza tuanze na miezi mitatu. Baada ya hapo tutaweza kuingia mkataba wa mwaka mmoja ambao upande wowote unaweza kuuvunja kwa notisi ya siku 30. Kabla ya kuanza, naomba siku moja ya kukagua mashine zote bila malipo ili idadi na hali yake vithibitishwe.

Nimeambatanisha nakala ya usajili wa biashara, TIN, leseni na cheti changu cha utumishi.

Wako katika huduma.”

Nieleze sehemu chache ambazo zinaweza kuonekana za kawaida.

Mhandisi Mkuu ndiye aliyekuwa bosi wangu wa kila siku, ndiye anayejua ubora wa kazi yangu, lakini hana mamlaka ya kusaini malipo. Meneja Mkuu ana mamlaka, ila hajui kapasita ni nini. Kumwandikia mmoja kupitia kwa mwingine kulimpa mhandisi nafasi ya kuweka neno lake pembeni kabla barua haijapanda. Kama ningempelekea meneja moja kwa moja, mhandisi angejiona amerukwa, na ndiye ambaye angekuja kukagua kazi yangu.

Sikuandika hata neno moja juu ya maji yanayotiririka ukutani. Habari hizo nilizipata kwa wafanyakazi wenzangu, na kuzitaja kungewaweka wao matatani. Pia kungemfanya fundi aliyebaki aonekane mzembe, naye ndiye angenifungulia milango ya vyumba. Sikutumia daftari la matengenezo la hoteli pia, ingawa nilikuwa na picha zake kwenye simu yangu. Lile daftari ni mali ya hoteli. Ndiyo maana niliomba siku ya ukaguzi, ili idadi na hali za mashine nizipate upya, kwa ruhusa, kama mtoa huduma mwingine yeyote.

Maneno kuhusu gesi yalikuwa na uzito kuliko nilivyodhani. Gesi ya kiyoyozi haiishi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua maana yake inatoka mahali. Fundi anayekuja kila baada ya miezi minne “kuongeza gesi” anakulipisha uvujaji ule ule tena na tena. Mhandisi anayejua kazi anaposoma kuwa hutaongeza gesi bila kuziba tundu, anajua anashughulika na nani. Kuitenga gesi kwenye mstari wake kuna faida nyingine ya kikodi. Kampuni inapomlipa mkazi ada ya huduma, hukata asilimia 5 kama kodi ya zuio na kuipeleka TRA, na kodi hiyo inahusu sehemu ya malipo ambayo ni huduma. Ukichanganya gesi, vipuri na ufundi kwenye jumla moja, utakatwa hata kwenye pesa ya bidhaa uliyoinunua dukani kwa fedha yako.

Na ukikatwa, usidhani umeibiwa. Mwezi wa kwanza nilifanya mashine 16, ankara ikawa 560,000, benki zikaingia 532,000. Zile 28,000 zina cheti chake, na cheti hicho kinapunguza kodi yangu ya mapato ya mwaka. Lazima ukiombe na ukitunze. Fundi asiyekusanya vyeti vyake vya zuio analipa kodi hiyo hiyo mara mbili.

Kuhusu ankara ya kila mwezi: nilitaka kwanza kudai mara moja kwa miezi mitatu, kwa kuwa mzunguko wa huduma ni huo. Lakini msaidizi analipwa jioni ile ile, bajaji inalipwa papo hapo. Hadi mwisho wa mzunguko ningekuwa nimeshatoa karibu 480,000 mfukoni, kisha nisubiri siku 30 nyingine. Biashara changa inaweza kufa hapo ikiwa na kazi nzuri na mteja mwaminifu.

Jibu lilikuja baada ya siku sita, kwa simu. Meneja Mkuu ni mama wa makamo ambaye sote tulimwita Mama.

“Shikamoo Mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nimesoma barua yako. Mhandisi anakusifu. Ila hiyo 35,000 ni kubwa, fanya 25,000. Halafu nataka uwe unapita kila asubuhi, unaangalia tu.”

Kwa 25,000 ningepoteza 460,000 kila miezi mitatu, na kila shilingi ya hiyo ingetoka kwenye ile 1,040,000 yangu, kwa kuwa msaidizi na sabuni bei yao haishuki. Ningebaki na 580,000. Na kupita kila asubuhi kungenirudisha pale pale nilipokuwa: kuhudhuria, kuonwa, kutumwa kubadilisha taa. Nilimwambia kwa heshima kwamba bei ya mashine siwezi kuishusha bila kupunguza kinachofanyika ndani yake, lakini idadi ya mara tunaweza kuitazama. Viyoyozi 8 vya ofisi na mgahawa havikai karibu na bahari kama vya vyumba, vingeweza kuhudumiwa mara mbili kwa mwaka badala ya nne. Kwa mwaka mzima huduma zingeshuka kutoka 184 hadi 168, na gharama kutoka 6,440,000 hadi 5,880,000. Kuhusu kila asubuhi, nilimwambia mhandisi ana watu wa zamu. Nitawaonyesha siku ya ukaguzi mambo mawili ya kuangalia, maji ukutani na barafu kwenye bomba, wakiyaona wanipigie.

Akanyamaza kidogo, nikasikia anapekua karatasi. Akaniuliza kama nitavaa sare ya hoteli nikiwa vyumbani, maana wageni wanaogopa mtu asiye na sare. Swali zuri, na mtu angeweza kusema ndiyo bila kufikiri. Lakini sare ya hoteli na kitambulisho cha hoteli vinanifanya nionekane sehemu ya hoteli, na hiyo ni ile dalili ya tatu. Nikamwambia nitavaa ovaroli yenye jina la biashara yangu, na mapokezi watupe beji za wageni wa kazi kama wanazopewa watu wa lifti.

Siku ya ukaguzi tulikuta viyoyozi 49 badala ya 46. Vitatu vilikuwa vimefungwa kwenye ukumbi mdogo baada ya mimi kuondoka, na kimoja bomba lake la maji lilikuwa limepandishwa juu badala ya kushuka, ndiyo maana ukuta wote ulikuwa na ukungu. Mhandisi akaziongeza kwa kalamu kwenye nakala ya barua, akasaini pembeni, nami nikasaini. Oda ya manunuzi ilitoka Alhamisi iliyofuata, ikiwa na idadi ya 49.